Fomu ya Tathmini ya Ndani ya Shule kwa Ajili ya Uthibiti Ubora: Shule ya Msingi Mkuyuni Juu, Agosti 2025

Taarifa za shule

Shule: Mkuyuni Juu, shule ya serikali ya kutwa, Halmashauri ya Wilaya ya Muheza, Mkoa wa Tanga.
Wanafunzi: 612 (wavulana 301, wasichana 311), kuanzia Awali hadi Darasa la VII.
Walimu: 11 (wanawake 7, wanaume 4). Mwalimu mmoja kwa wanafunzi 56.
Kipindi kinachotathminiwa: Januari hadi Julai 2025, pamoja na matokeo ya mitihani ya miaka mitatu iliyopita.
Waliojaza: Mwalimu Mkuu, Mwalimu wa Taaluma, mwalimu wa Darasa la II, wajumbe wawili wa Kamati ya Shule (mmoja mzazi), na Kaka Mkuu na Dada Mkuu kwa Eneo la 5.

Jinsi tulivyojaza

Fomu yetu iliyopita ilikuwa na sentensi kama "walimu wana ari ya kufundisha" na "nidhamu ya wanafunzi ni nzuri". Wathibiti walipouliza tumejuaje, hatukuwa na cha kuwaonyesha. Safari hii tumekubaliana hivi: kila kauli iwe na kitu ambacho mgeni anaweza kukishika, kukihesabu au kukiona mwenyewe, na tuandike kilipo. Kauli iliyokosa ushahidi tumeifuta. Ushahidi ulipopingana, tumeandika pande zote mbili na kujipa daraja la chini. Madaraja tuliyotumia ni Nzuri, Inaridhisha na Hairidhishi.

Eneo la 1: Mafanikio ya wanafunzi

*Daraja tunalojipa: Hairidhishi*

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, waliopata A hadi C: mwaka 2022, 37 kati ya 49 (asilimia 76), 2023, 41 kati ya 58 (asilimia 71), 2024, 43 kati ya 54 (asilimia 80). Hisabati peke yake mwaka 2024 ni 19 kati ya 54. Ushahidi: nakala za matokeo, jalada la taaluma, kabati la Mwalimu Mkuu.

Asilimia 80 ingetutosha kujisifu, lakini inahesabu waliofika kwenye chumba cha mtihani tu. Tulirudi kwenye rejesta ya uandikishaji ya 2018. Watoto walioanza Darasa la I walikuwa 79. Kati yao 51 ndio waliofanya mtihani wa 2024. Watatu wengine walihamia kwetu njiani. Waliobaki ni 28: 13 walihama na barua zao za uhamisho zipo, 6 walikariri darasa, na 9 hatuna karatasi yoyote inayosema walienda wapi. Majina ya hao 9 yamekabidhiwa kwa Mwenyekiti wa Kijiji tarehe 4 Agosti. Nakala ya barua ipo.

Kilichotushtua zaidi ni kusoma. Ripoti za muhula zinaonyesha asilimia 81 ya Darasa la II wamefaulu Kiswahili. Mwalimu wa darasa hilo mwenyewe ndiye aliyesema haziamini, kwa sababu wakati wa mtihani maswali husomwa kwa sauti na mwalimu, kisha mtoto huzungushia herufi. Tukaamua kumsikiliza kila mtoto peke yake, chini ya mwembe, akisoma kifungu cha maneno 60 ambacho hajawahi kukiona, kisha ajibu maswali matano.

Machi 4 hadi 6, watoto 83 kati ya 88 walipimwa. Wasiotambua silabi: 14. Wanaosoma silabi tu: 21. Wanaosoma maneno kwa kusitasita: 22. Wanaosoma kwa ufasaha na kujibu angalau maswali matatu: 26.

Julai 22 hadi 24, baada ya vipindi vya ziada vya kusoma vya nusu saa kila asubuhi, walipimwa 79. Makundi hayo yakawa 8, 15, 23 na 33.

Ukizitazama haraka, hesabu hizi zinapendeza. Lakini watoto 7 waliopimwa Machi hawakuwepo Julai, na 5 kati yao walikuwa kwenye makundi mawili ya chini. Wakikosekana wanaoshindwa, wastani hupanda wenyewe. Kwa hiyo hesabu tunayoisimamia ni ya watoto 76 waliopimwa mara zote mbili: wasomaji wazuri walikuwa 25, sasa ni 32. Watoto 44 wa kundi hilo bado hawajafika. Ushahidi: karatasi za kila mtoto, zenye alama za msikilizaji, bahasha mbili katika kabati la Darasa la II. Tunaomba wathibiti wachague majina kumi wenyewe na kuwasomesha upya.

Eneo la 2: Ufundishaji, ujifunzaji na upimaji

*Daraja tunalojipa: Inaridhisha*

Mwalimu Mkuu na Mwalimu wa Taaluma waliingia kwenye vipindi 22 vya walimu 9 kati ya Februari na Julai. Katika vipindi 19 mwalimu alikuwa na andalio la somo. Hilo ni jema, ila tulisoma pia sehemu ya tathmini iliyojazwa baada ya somo: maandalio 12 kati ya hayo 19 yameandikwa "Somo limeeleweka", basi. Hakuna linalosema nani hakuelewa wala nini kitarudiwa.

Katika vipindi 14 maswali mengi yalijibiwa na darasa zima kwa pamoja. Sauti inakuwa kubwa na mwalimu anaridhika, huku mtoto wa dawati la nyuma akifungua mdomo tu. Tangu Mei, kwenye vikao vya mafunzo endelevu ya walimu kazini, yaani MEWAKA, vya kila Alhamisi, tumekuwa tukifanya mazoezi ya kumwita mwanafunzi kwa jina kwa kutumia vijiti vyenye majina. Vipindi 6 vilivyoangaliwa Julai: vinne vilitumia vijiti. Ushahidi: fomu za uangalizi wa vipindi na daftari la MEWAKA lenye saini za waliohudhuria.

Daftari za Hisabati: tulichukua daftari 5 bila kuchagua kutoka kila darasa, la III hadi la VII, jumla 25. Zilizosahihishwa kila zoezi ni 16. Ambazo mwanafunzi amefanya masahihisho baada ya kukosa ni 4. Walimu wetu wanaweka tiki na kosa. Mtoto anafungua ukurasa mpya na kosa lake analiacha pale pale. Tunajipa Inaridhisha kwa sababu ya maandalio na MEWAKA. Kwa daftari peke yake tungejipa chini ya hapo.

Eneo la 3: Mtaala na mahitaji ya wanafunzi

*Daraja tunalojipa: Inaridhisha*

Vitabu vya Hisabati Darasa la IV vipo 21 kwa wanafunzi 84, yaani kitabu kimoja kwa wanne (leja ya vitabu, ukurasa wa 12). Vipindi vya michezo vipo kwenye ratiba. Shajara za somo zinaonyesha vilifanyika wiki 11 kati ya wiki 20 za muhula wa kwanza, vingine vilichukuliwa na Darasa la VII kwa maandalizi ya mtihani. Wanafunzi wenye ulemavu walioandikishwa ni 5. Mmoja, mwenye uoni hafifu, amehamishiwa dawati la mbele na kazi zake zinaandikwa kwa herufi kubwa, sampuli zipo. Kwa wengine wanne hatuna kumbukumbu ya hatua yoyote, kwa hiyo hatudai chochote.

Eneo la 4: Uongozi na utawala

*Daraja tunalojipa: Nzuri*

Kamati ya Shule imekaa mara mbili kati ya Januari na Juni kama ilivyopangwa. Mihtasari ina maazimio 9. 7 yametekelezwa na ushahidi wa kila moja umebanwa nyuma ya muhtasari wake. Mapato na matumizi ya ruzuku hubandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi. Nakala za miezi yote saba zipo kwenye jalada pamoja na hati za malipo na stakabadhi. Mzazi mjumbe wa Kamati alizilinganisha moja baada ya nyingine tarehe 30 Julai na kusaini.

Eneo la 5: Mazingira, afya, usalama na ustawi

*Daraja tunalojipa: Hairidhishi*

Vyoo: matundu 6 kwa wasichana 311 na matundu 5 kwa wavulana 301, yaani tundu moja kwa wasichana 52 na kwa wavulana 60. Kiwango ni 20 na 25. Chumba cha kujisitiri wasichana kipo, kina maji ya ndoo na mlango unaofungwa kwa ndani.

Madawati: tulikuwa tunaripoti kila mwaka kwamba "tuna upungufu wa madawati". Tulipohesabu, tuna madawati 190 ya watoto watatu. Mazima ni 171, nafasi 513. Wanafunzi wa Darasa la I hadi VII ni 548. Pengo ni nafasi 35. Mabovu 19 yamelala nyuma ya stoo. Yakitengenezwa 12 tu, hakuna mtoto atakayekaa chini. Fundi seremala wa kijijini ameanza tarehe 11 Agosti.

Adhabu: Waraka wa Elimu Na. 24 wa 2002 unataka viboko visizidi vinne, vitolewe na Mwalimu Mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari. Daftari letu lina maingizo matatu tangu Januari. Tungeweza kuliwasilisha na kunyamaza. Lakini wajumbe wazazi waliwapa wanafunzi 60 wa Darasa la V hadi VII karatasi zisizo na majina, walimu wakiwa nje: 34 walisema walichapwa na mwalimu angalau mara moja mwezi uliopita. Daftari na watoto hawasemi kitu kimoja, na sisi tunawaamini watoto. Kikao cha walimu cha tarehe 12 Agosti kimeondoa fimbo madarasani, muhtasari upo. Karatasi zile zitarudiwa Oktoba.

Eneo la 6: Ushiriki wa jamii

*Daraja tunalojipa: Inaridhisha*

Mkutano wa wazazi wa tarehe 24 Mei ulihudhuriwa na wazazi 187 waliosaini, akina baba 41.

Chakula cha mchana kinategemea mahindi na maharage ya wazazi. Darasa la III hadi VII wanaokula ni 214 kati ya 368. Tulihesabu vichwa kwa siku tano mwezi Aprili: asubuhi wastani wa watoto 326, saa 8 mchana 271. Kati ya 55 waliotoweka, 44 ni wasiokula shuleni. Rejesta zetu huitwa asubuhi tu, hivyo mahudhurio ya asilimia 88 tunayoripoti hayaonyeshi jambo hili.

Kisha kuna machungwa. Kati ya tarehe 14 na 25 Julai mahudhurio yalishuka hadi asilimia 76, na kwenye magunia kando ya barabara kuu tuliwaona wanafunzi wetu. Hao 7 wa Darasa la II waliokosa kupimwa, wanne walikuwa mashambani na wazazi wao. Serikali ya Kijiji imekubali kwa maandishi (barua ya tarehe 6 Agosti) kwamba wanunuzi hawatapakia mizigo iliyochumwa na watoto saa za masomo. Bado hatujui kama itafuatwa, kwa kuwa msimu ulikuwa unaisha barua ilipoandikwa.

Tutakachofanya kabla ya Desemba 2025

Kusoma, Darasa la II: wasomaji wazuri wafike 50 kati ya watoto 76 tunaowafuatilia. Msimamizi ni mwalimu wa darasa. Kipimo cha tatu ni Novemba 4 hadi 6, na msikilizaji atatoka shule jirani.
Masahihisho: daftari 25 zitachukuliwa tena Oktoba, lengo ni 15 zenye masahihisho ya mwanafunzi. Mwalimu wa Taaluma.
Rejesta: kuita majina mara mbili kwa siku kuanzia Septemba 1. Walimu wa madarasa wote.
Vyoo: maombi ya matundu 8 yamewasilishwa kupitia Afisa Elimu Kata, Kamati itachimba shimo la kwanza kwa nguvu za wananchi, na tofali 1,200 zimeshafyatuliwa na kuhesabiwa uwanjani.

Imesainiwa na Mwalimu Mkuu na Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, 22 Agosti 2025. Mwalimu mmoja hakukubaliana na daraja la Eneo la 5 na ameomba maoni yake yaambatishwe. Yako ukurasa wa mwisho wa jalada, kwa mwandiko wake.