Barua ya kuomba jina la Neema lirekebishwe kwenye usajili wa darasa la saba

Uyole, Mbeya
24 Februari 2025

Kwa Mwalimu Mkuu
Nakala: mwalimu wa taaluma, mwalimu wa darasa la saba A

YAH: NEEMA YOHANA MWASOMOLA KUANDIKWA JINA SILO LAKE KWENYE PREMS

Mwalimu habari za kazi, poleni na majukumu ya watoto. Mimi ni mama Neema wa saba A, yule wa pale sokoni upande wa viazi. Nakutumia hii kwa wasap kwanza ili uione mapema, karatasi yenyewe Neema atakuja nayo kesho asubuhi iwekwe kwenye faili lake, maana kwa mdomo nimeshaongea na mwalimu wa taaluma tukaishia kwenye "tutaangalia mama" na mimi naona siku zinakwenda.

Jambo lenyewe ni hili. Mwalimu wa darasa alituwekea kwenye grupu la wazazi picha ya ile orodha ya watahiniwa iliyochapwa, akasema kila mzazi amhakiki mwanae. Kwa kweli hapo mwalimu alifanya la maana sana, kuna shule wazazi wanakuja kuona jina siku matokeo yanatoka. Sasa nikamtafuta Neema wangu nikamkosa, nikarudia kutoka juu mpaka nikaanza kudhani hajasajiliwa kabisa, yeye mwenyewe ndo akaniwekea kidole pale akasema mama mimi ni huyu hapa, namba ya PREM ni yangu. Wameandika:

NEEMA YONA MWASOMOLE

Jina lake kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa ni:

NEEMA YOHANA MWASOMOLA

Kwahiyo makosa ni mawili. Jina la kati wameweka Yona badala ya Yohana, na la mwisho limeishia na E badala ya A. Namba yake ya PREM iko sawa, nimelinganisha na ile iliyo kwenye ripoti yake ya mwaka jana, inaishia na 418. Jinsi iko sawa, na tarehe ya kuzaliwa 14 Aprili 2012 nayo iko sawa, kwahiyo nawaomba sana hayo mengine msiyaguse, isije ikawa jina limekaa vizuri halafu mtoto kageuka mvulana.

Mwalimu wa taaluma aliniambia huenda tatizo ni cheti, kwamba kimeandikwa kwa mkono na mwandiko hausomeki vizuri. Ni kweli kimeandikwa kwa mkono, Neema tulimwandikisha 2013 ule mpango wa RITA wa watoto chini ya miaka mitano ulipoingia huku Mbeya, tulichukulia pale ofisi ya kata bila malipo na vyeti vyote vya wakati ule vilikuwa vinajazwa kwa kalamu. Lakini mwalimu, nimekipiga picha kwa karibu na nimewaambatanishia, angalieni wenyewe, Y-O-H-A-N-A kila herufi imesimama peke yake, hata ile H ina miguu yote miwili. Halafu darasa la kwanza mpaka la sita ripoti zake zote zimeandikwa Yohana. Kama mwandiko ungekuwa hausomeki basi usingesomeka miaka yote, sio mwaka huu tu wa mtihani.

Mimi ninavyoona (na sisemi kwa ubaya) limetokea kwenye kuchapa. Pale saba B kuna Neema mwingine, na huyo baba yake ndo anaitwa Yona, mama yake ni jirani yangu tunafahamiana vizuri tu. Kwenye orodha hawa Neema wawili wamefuatana. Nasikia majina yalipelekwa stesheneri yakachapwa kwenye Ekseli kabla ya kuingizwa kwenye mfumo, sasa kijana wa stesheneri ana foleni ya watu wa kutoa kopi, anaona Neema chini ya Neema, anavuta jina la juu linashuka chini amemaliza. Ndo maana nawaomba na huyo Neema wa B mumuangalie pia, pamoja na wote waliofuatana majina ya kwanza, akina Baraka mle darasani naona wako watatu. Mama yake nimeshamwambia na yeye atakuja.

Sasa naomba niseme na hili ambalo limenikwaza kidogo. Nilipokuwa naondoka ofisini niliambiwa, sitataja na nani, kwamba njia rahisi ni sisi twende RITA tukabadilishe cheti cha kuzaliwa kifuate jina lililoko kwenye mfumo. Mwalimu hapana. Cheti ndo kilichotangulia, mfumo ulitakiwa unakili cheti, haiwezekani aliyekosea abaki kama alivyo halafu aliyekuwa sahihi ndo aende akajirekebishe. Tena mume wangu anaitwa Yohana, kwenye kitambulisho cha NIDA ni Yohana, kwenye leseni yake ya udereva ni Yohana, wadogo zake Neema wawili wote vyeti vyao vimeandikwa Yohana. Tukibadilisha cha Neema kiwe Yona ina maana nimemzaa na mwanaume mwingine, na huyo mwanaume yupo, nyumba ya nne kutoka kwangu! Nilicheka nilipofika nyumbani lakini baba yake hakucheka.

Na kuna wengine wananiambia mama Neema mbona unajisumbua, ni herufi tu, mtoto atafanya mtihani atafaulu hilo jina litajulikana mbele ya safari. Huko mbele ya safari mimi nimeshakuona. Mtoto wa dada yangu jina la form four lilitofautiana na la cheti cha kuzaliwa, nalo lilikuwa kosa dogo tu la jina la babu. Alipomaliza form six akataka kuomba mkopo wa bodi, kule cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA kwanza, kikahakikiwa vizuri tu lakini jina haliendani na la vyeti vya shule. Ikawa wakili, kiapo, mhuri, hati ya kubadili jina, hati yenyewe ipelekwe kusajiliwa, na kila meza ina hela yake na dirisha la maombi linahesabu siku. Dada yangu aliuza mahindi ambayo hakupanga kuyauza msimu ule. Na yule ni kijana mkubwa anaweza kujifuatilia mwenyewe, Neema ana miaka kumi na mbili.

Nyie walimu mnajua kuliko mimi kwamba jina linalotoka darasa la saba ndo linalomfuata. Matokeo yanatoka na jina hilo, TAMISEMI wanampangia shule ya form one kwa jina hilo, akifika huko sekondari wanamvuta kwa namba ileile ya PREM na jina lilelile, anafanya mtihani wa form two nalo, wa form four nalo, na cheti cha form four kikishachapwa hapo ndo basi tena. Kwahiyo mimi naona leo hii ndo kosa hili liko rahisi kuliko siku nyingine yoyote, liko kwenye kompyuta tu, halijafika kwenye karatasi ya mtu. Kwenye kikao cha wazazi ulituambia mwenyewe mwalimu kwamba usajili bado haujafungwa na marekebisho yanapokelewa. Ukishafungwa nitaambiwa niende halmashauri, halmashauri wataniambia nirudi shuleni, mnajua inavyokuwa.

Ninachoomba basi. Jina lirekebishwe kwenye PREMS liwe NEEMA YOHANA MWASOMOLA, na kama shuleni hamna uwezo wa kulibadilisha wenyewe basi muandike barua kwa afisa elimu wa halmashauri na mimi mnipe nakala yenye mhuri, nauli ya kuipeleka nitajitegemea, mnielekeze tu nimuone nani. Kama fomu za TSM9 zimeshajazwa naomba na zenyewe ziangaliwe maana kama zilitoka kwenye Ekseli ileile kosa litakuwa humo humo, tukarekebisha mlango mmoja likapita mwingine. Likishabadilishwa naomba mtu apige picha ya skrini pale jina lilipo, jina na namba ya PREM vionekane pamoja, anitumie wasap. Sio kwamba siwaamini mwalimu, ila nikiambiwa "tayari mama" bila kuona sitalala vizuri mpaka Septemba.

Na Neema mwenyewe naomba mwalimu wa darasa aongee naye kidogo. Tangu orodha imebandikwa wenzake wanamuita Mwasomole kwa utani, yeye anajikausha lakini juzi nimemkuta anaandika jina lake kwenye daftari la mazoezi akasita pale kwenye jina la baba, akaniuliza mama siku ya mtihani niandike lipi? Sikumjibu, nimemwambia asubiri walimu. Mnajua ni mtoto anayejitahidi, hesabu ndo zinamsumbua kidogo, sitaki aingie chumba cha mtihani anawaza jina.

Alhamisi sio siku ya mnada kwahiyo nitakuja shuleni asubuhi baada ya paredi nikiwa na cheti chenyewe halisi, kitambulisho cha baba yake na ripoti zake za nyuma, mkitaka kulinganisha mlinganishe mbele yangu. Baba yake yuko safari na gari la Tunduma akirudi wikiendi naye yuko tayari kusaini popote panapotakiwa saini ya mzazi. Kama Alhamisi hautakuwepo mwalimu naomba uniambie nimuone nani, au unipigie jioni kuanzia saa kumi na mbili nikiwa nimeshafunga biashara, namba mnayo kwenye faili la Neema na ndo hii ninayotumia wasap.

Nilivyoambatanisha: picha na kopi ya cheti cha kuzaliwa, kopi ya ripoti ya darasa la sita, kopi ya kitambulisho cha baba, na ile picha ya orodha kutoka kwenye grupu, mstari wa Neema nimeuzungushia kalamu nyekundu.

Asante sana mwalimu, nasubiri jibu lako.

Mama Neema
(mzazi wa Neema Yohana Mwasomola, VII A)