Sahani ya Saa Saba

Mazoezi hayajafika hata nusu saa, Hamisi yuko pembeni mwa uwanja, kainama, mikono magotini, chipsi zinamrudi kooni.

"Umekula nini wewe?" mwalimu akamuuliza.

"Chipsi mayai, mwalimu. Saa kumi hivi."

"Na tizi saa kumi na moja! Mafuta yote yale yako tumboni bado, halafu unataka miguu ikimbie. Kaa chini."

Winga wa kulia akakaa chini, anawatazama wenzake wakipiga krosi zake.

Hamisi ni bodaboda. Siku yake huanza alfajiri pale stendi ya Msamvu, Morogoro, kuwahi abiria wanaoshuka kwenye mabasi ya Dodoma na Dar. Kikombe cha chai ya rangi, sukari ya kumwaga, chapati moja kama ipo. Baada ya hapo ni kazi tu. Hesabu ya bosi ni elfu kumi kila jioni, mvua inyeshe jua liwake, kwa hiyo kukaa kula mchana aliona ni kumwachia mwenzake abiria. Njaa ikiuma, anapiga enaji. Ile inachangamsha kweli, ni sukari na kafeini. Ikiisha, mtu analegea na bado hajala. Maji hata hayagusi. Ukinywa maji Msamvu lazima ukojoe, na choo ni cha kulipia.

Kesho yake alimsimulia Mama Zuhura, mama lishe wa kijiweni. Mama Zuhura hakumwonea huruma. Alifuta mikono kwenye khanga, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Enaji mbili, elfu mbili. Soda, mia saba. Chipsi mayai, elfu tatu. Wali wangu na maharage na mchicha ni elfu mbili, nikikuwekea dagaa elfu mbili na mia tano. Hela ya kula unayo, mwanangu. Unaila vibaya."

"Mama, muda wa kula sina."

"Muda utaupata. Saa saba sahani yako itakuwa kwenye hotipoti. Uje na abiria, uje bila abiria, utakula."

Mwalimu naye alikuwa amemwambia hivyo hivyo: chakula kizito kitangulie saa tatu au nne kabla ya mpira. Asubuhi Hamisi akaacha kutegemea chai. Akawa anakunywa uji wa ulezi uliotiwa karanga za kusaga, na kiazi kitamu au yai la kuchemsha. Saa kumi, ndizi mbivu mbili za mama anayezishusha kutoka Uluguru, basi, mpaka baada ya tizi. Usiku nyumbani ugali na maharage au dagaa, maana misuli iliyokimbia inataka kujengwa upya, na kesho alfajiri kuna abiria tena.

Maji ndiyo yalimsumbua. Wiki ya kwanza alisahau chupa siku nzima, akaimaliza yote lita moja na nusu dakika chache kabla ya kuingia uwanjani. Kila akikata kona tumbo linacheza kama dumu lililojaa nusu. Wenzake walicheka mpaka mazoezi yakasimama. Siku hizi chupa ameifunga kwa mpira kando ya tanki. Kila akishusha abiria anakunywa mafunda mawili matatu. Hela ya choo anaitoa kwenye ile ya enaji, na inabaki.

Haikunyooka kila siku. Ijumaa moja, sahani ndiyo kwanza imefunuliwa, akaja mtu na begi anakwenda Mzumbe. Mzumbe ni safari ya maana, haiachwi. Hamisi akaufunika wali, akaondoka. Aliporudi ilikuwa saa tisa na nusu. Zamani angeufagia wote kwa hasira ya njaa. Safari hii aligawa: akala kidogo na maharage, kilichobaki akamwomba Mama Zuhura amfungie akale baada ya mazoezi.

"Leo umeanza kukua," Mama Zuhura akasema, huku anafunga.

Jioni hiyo mwalimu aliwakimbiza kweli kweli, mbio fupi za kwenda na kurudi, kisha mechi ya wao kwa wao. Dakika za mwisho beki wa kushoto alikuwa hoi, ulimi nje. Hamisi akampita kwa nje mara mbili. Krosi ya kwanza ikaenda vichakani. Ya pili ikamkuta mshambuliaji kichwani.

Jumatatu saa saba, Mama Zuhura alipofunua hotipoti, alikuta bodaboda watano wamejipanga nyuma ya Hamisi, kofia mikononi.

"Na sisi tuwekee, mama."

"Hotipoti ni moja, na midomo yenu ninaijua kwa mikopo," akawajibu. "Anayetaka sahani ya saa saba alete hela asubuhi. Hamisi, kula, usiwaangalie."