Yah: Ombi lako la kubadilishiwa saa za kazi

12 Juni 2025

Bi. Rehema,
Mratibu wa Upakiaji, Zamu ya Asubuhi.

Ndugu Rehema,

Rejea barua yako ya tarehe 12 Mei 2025 na kikao chetu cha tarehe 27 Mei. Uliomba kuanza kazi saa 4:00 asubuhi badala ya saa 1:00, na kila Ijumaa ufanyie kazi nyumbani, ili upate nafasi ya kumpeleka mwanao kliniki ya mazoezi ya viungo. Nasikitika kukujulisha kwamba ombi hilo, kama ulivyoliwasilisha, halikukubaliwa. Najua lina uzito gani kwako, kwa hiyo naeleza sababu zote.

Kubwa ni saa zenyewe. Malori 11 hupakiwa kati ya saa 1:00 na saa 3:30, na hakuna linalotoka getini kabla mratibu hajauhakiki mzigo kwa macho na kusaini hati. Kuanzia tarehe 2 hadi 6 Juni tulijaribu mpango uliopendekeza, msimamizi wa stoo akishika nafasi yako. Malori yalichelewa siku 4 kati ya 5, na wateja wawili walirudisha mizigo iliyopakiwa kimakosa. Simlaumu msimamizi, alikuwa akibeba kazi mbili kwa wakati mmoja.

Wa kuziba pengo naye hayupo. Mratibu mmoja yuko likizo ya uzazi hadi mwisho wa Septemba, na wa zamu ya usiku amekwisha kufikia kikomo cha saa za ziada. Kuajiri mtu wa asubuhi tu, bajeti ya mwaka huu haitoshi. Ijumaa ndiyo siku ya kuhesabu stoo, kazi isiyofanyika nyumbani.

Hata hivyo, ulisema kliniki ina nafasi Jumatano pia. Siku hiyo tunapakia malori 4 tu, nami niko tayari kuyahakiki mwenyewe. Ukiridhia, kuanzia tarehe 18 Juni utaingia saa 4:00 kila Jumatano, bila kupunguziwa mshahara. Mwezi Oktoba, mwenzako akisharudi, tutakaa tena tuliangalie ombi lako lote.

Usiporidhika na uamuzi huu, una haki ya kukata rufaa, na nakuhimiza uitumie ukiona kuna jambo nililokosea au kulipuuza. Mwandikie Meneja wa Uendeshaji, ambaye hakushiriki katika uamuzi huu, kabla ya mwisho wa siku ya 26 Juni 2025. Eleza unachopinga na uambatanishe ushahidi mpya kama upo. Atakuita kwenye kikao ndani ya siku 14. Unaweza kuja na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Jibu lake utalipata kwa maandishi. Kuikubali nafasi ya Jumatano hakukuondolei haki ya rufaa, wala rufaa haitaathiri tathmini yako ya kazi.

Wako katika kazi,

Meneja wa Ghala na Usambazaji

Nakala: Idara ya Rasilimali Watu