Maelezo ya Usalama kwa Wasafiri wa Mara ya Kwanza: Dodoma hadi Zanzibar

Wazee wetu, akina mama na ndugu mliotoka Kongwa, Mpwapwa na Chamwino, shikamooni. Mimi ndiye kiongozi wa wahudumu katika safari hii, na kwa kuwa wengi wenu hamjawahi kupanda ndege, nimeomba dakika chache hapa ukumbini, maana maelezo ya ndani hutolewa haraka na mtu mwenye hofu hayashiki vizuri.

Ndege yetu ina milango mbele na nyuma, pamoja na milango midogo ya dharura juu ya mabawa. Ukishaketi, hesabu safu za viti kutoka chako hadi mlango ulio karibu, wa mbele na wa nyuma, kwa sababu moshi ukitanda utaufikia kwa kupapasa viti hivyo. Mkanda hufunguliwa kwa kuinua kibati chake. Haubonyezwi kama wa gari. Tukiamuru kutoka, acheni mizigo yote, hata kama ni zabibu za kumpelekea mkwe.

Hewa ikipungua ndani ya ndege, barakoa za oksijeni zitashuka zenyewe kutoka juu. Ivute yako kwa nguvu, kwani kuivuta ndiko kunakofungulia hewa, ifunike pua na mdomo, pitisha mpira nyuma ya kichwa, kisha pumua kama kawaida. Mfuko wake unaweza usijae, na hilo lisikutishe, kwa kuwa hewa inapita. Mama mwenye mtoto avae kwanza yeye: najua ni neno gumu, lakini tukiwa juu sana mtu anaweza kupoteza fahamu kabla ya dakika moja kwisha, na mama aliyezimia hawezi kumvisha mwanawe.

Rubani akitangaza kujikinga, kaza mkanda chini ya tumbo, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili ukizirudisha nyuma kidogo ya magoti, inama, egemeza kichwa kwenye kiti cha mbele na ukifunike kwa mikono. Baki hivyo hadi ndege isimame kabisa, kwani inaweza kugonga zaidi ya mara moja.

Dodoma hakuna bahari, ila tunakokwenda tutapita juu yake. Ndiyo maana chini ya kila kiti lipo jaketi la kuokolea. Livae kichwani, funga mkanda wake kiunoni, lakini usivute kamba ya kulijaza upepo mpaka ufike mlangoni. Likijaa ukiwa ndani, maji yakiingia litakuinua hadi darini na hutaweza kupiga mbizi kutoka. Lisipojaa, puliza kwenye mrija wa begani. Ya watoto wachanga tunayo sisi.

Mwenye swali aniulize sasa, au anishike mkono tukiwa njiani kuelekea ngazini. Wenye viti vya nyuma watatangulia.