Barua ya kumwomba radhi Mama Somoe

Chikongola, Mtwara
Jumatatu asubuhi

Mama Somoe,

Shikamoo, mama. Mmeamkaje hapo nyumbani? Mzee ameamka na hali gani, na kidonda kinaendeleaje? Poleni sana na uuguzi.

Jana baada ya adhuhuri nilifika mlangoni kwako. Somoe akaniambia Mzee ndiyo kwanza amepata usingizi na wewe umejinyoosha pembeni yake, nikamkataza asikuamshe. Baada ya usiku tuliokukesheza, sikuona kama nina haki ya kukutoa kitandani kwa ajili ya maneno yangu. Ndiyo maana nimekaa chini kukuandikia. Zuhura ndiye anayekuletea barua hii, na yeye pia ana lake la kukuambia kwa mdomo wake.

Mama, nakuomba radhi kwa yote yaliyotokea uani kwangu usiku wa Jumamosi kwenye unyago wa Zuhura. Nayataja moja moja, maana sipendi kukuomba radhi ya jumla jumla kana kwamba sijui nilichokukosea.

Kibali tulichopewa cha shughuli kilisema mwisho saa sita usiku. Saa sita ilipofika nilikuwa chumba cha ndani na makungwi na bibi zake Zuhura waliotoka Newala, tunapanga khanga na vyombo alivyotunzwa mwali. Mziki niliusikia. Nilijua muda umepita, na nilijua nyumba ya pili kuna mgonjwa aliyetoka wodini Ligula wiki hiyo hiyo. Nikajisemea wataukata wenyewe, nikaendelea na kazi yangu. Haukukatwa mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Mwenye shughuli nilikuwa mimi na Baba Zuhura. Mwenye mziki ni mtu wa kukodi, anapiga anapoambiwa apige na ananyamaza anapoambiwa anyamaze. Hakuna aliyemwambia anyamaze, na wa kumwambia tulikuwa sisi.

La pili ni jenereta, na hili ndilo linalonikosesha usingizi mpaka sasa. Umeme ulipokatika vijana walilitoa sebuleni wakaliweka penye kivuli cha ukuta wako ili mlio wake usiwasumbue wachezaji. Hawakutazama juu. Jana asubuhi nilikwenda mwenyewe kupaona: masizi yamepanda ukutani mpaka chini ya dirisha la chumba anacholala Mzee, na wavu wa mbu umeshika weusi kwenye pembe ya chini. Miguu iliniishia nguvu. Moshi wa jenereta ukiingia chumbani watu wamelala, hawaamki. Mtu na kidonda chake cha upasuaji, hawezi hata kuinuka haraka kufunga dirisha, tukamwelekezea moshi. Namshukuru Mungu kwamba Somoe alisikia harufu akamhamishia Mzee chumba cha mbele. Mama, kama kifua kinambana Mzee, au anakohoa, au kichwa kinamuuma tangu usiku ule, usinifiche. Baba Zuhura ameshazungumza na mwenye bajaji hapa barazani, yuko tayari saa yoyote kumpeleka Ligula, na gharama ya huko ni juu yetu. Lisikupe haya hilo.

La tatu nililijua Jumapili asubuhi, na hata wewe hukuniambia. Nimeambiwa na bibi yake Zuhura, alikuwa amekaa kibarazani hapati usingizi akaona kila kitu. Kwamba ulimtuma kwanza mjukuu wako aje kuomba mziki upunguzwe, akafukuzwa getini kama mbuzi aliyeingia kwenye mihogo. Kisha saa nane za usiku ukajifunga ushungi ukaja wewe mwenyewe. Issa, mtoto wa dada yangu, akakujibu kwamba anayetaka kimya ahamie Naliendele. Watu wakacheka. Ukageuka ukarudi kwako hukusema neno.

Niliposikia hayo nililia, mama. Kelele peke yake ningeweza kukuomba radhi nikiwa nimesimama. Hili nakuomba nikiwa nimepiga magoti. Mlango ule hujawahi kuufikia ukarudi bila kukaribishwa, na siku yenyewe ikawa ya Zuhura! Nani asiyejua mtaa huu kwamba uchungu wa Zuhura uliponishika usiku, Baba yake yuko baharini, ni wewe uliyenifunga kanga kiunoni ukanikokota mpaka hospitali, ukabaki na mimi hadi mtoto akalia? Juzi hiyo hiyo jioni ulikuwa umekaa kitako na makungwi unampa mwali mawaidha, na watu walikuwa wanakula pilau katika sahani zako. Halafu usiku mtoto wangu wa damu anakutolea maneno ya kilabuni mbele ya wageni.

Issa alikuwa amelewa uraka. Nakutajia ili ujue ilivyokuwa, si ili umsamehe kwa sababu hiyo. Msimu wa mabibo hauna mwaka usiokuja, na si kila anayekunywa anatukana wazee. Anakuja kwako leo baada ya alasiri na mjomba wake mkubwa. Hatakuja peke yake na hatatuma mtu. Nimemwambia asiseme maneno mengi: akuamkie, akuombe radhi, amwombe radhi na mjukuu wako pia, maana mtoto naye alidhalilishwa. Kama hutaki kumwona leo, mwambie Zuhura tu, atakuja siku utakayoiona inafaa. Nisingependa ulazimike kumpokea kwa kuwa ameshafika mlangoni.

Ua wa makuti upande wa mwembe tumeuona ulivyolala. Ni watu waliokuwa wanauegemea kutazama ngoma, pikipiki nazo zikamalizia. Makuti mapya na fito vinakuja leo na mkokoteni, na fundi anaanza kesho. Nimemkataza kugonga gonga kabla ya saa tatu asubuhi, na Mzee akiwa amelala asubiri. Niambie tu kupitia Somoe kama saa hizo zinawafaa.

Kuku wako mwekundu aliyekuwa anaatamia kwenye tenga pale pembeni mwa jiko, mjukuu wako kaniambia alishtuka na mziki akakimbia, mayai yakapoa. Nilikuwa na kuku wangu mmoja naye ameatamia, vifaranga wametotolewa wiki hii. Nakuletea yeye na wanawe wote. Najua utasema haina haja. Tafadhali pokea.

Sufuria yako kubwa ya pilau bado iko kwangu kwa sababu imeshika ukoko mweusi chini. Tunaisugua kwa majivu na mchanga. Ikigoma kutakata nitakununulia nyingine ya kimo hicho hicho sokoni, hiyo haitarudi kwako ikiwa nyeusi. Sahani zimetimia, mikeka imeanikwa.

Baba Zuhura alikwenda jana jioni kwa mwenyekiti wa mtaa akamweleza mwenyewe kwamba tumevunja kibali na nani tumemkosea. Hatukutaka uhangaike kwenda kushtaki nawe una mgonjwa. Kama bado unaona lifike huko kwa kinywa chako, ni haki yako, na hatutakununia. Mwenyekiti ametuonya, na tumekubali onyo.

Kuna jambo moja nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Ukimaliza mfungo wa Ramadhani kuna arusi ya kaka yake Zuhura. Watu wa Newala watakuja tena na ngoma yao, wameshaahidi. Ngoma yenyewe najua haikukeri, Jumamosi jioni ulisimama ukaicheza mpaka wakakutunza. Lakini mziki wa spika utazimwa saa nne usiku, na nimewaambia wote nyumbani mapema ili asije mtu akadai hakujua. Spika zitaelekezwa barabarani, hazitaelekea kwako. Jenereta, kama itabidi liwepo, litakaa upande wa choo chetu, mbali na dirisha la mtu yeyote, na atakayelishika ni Baba Zuhura mwenyewe. Pikipiki zitalala nje ya uchochoro, njia ya mlangoni kwako iwe wazi usiku kucha. Na kabla sijakwenda kuomba kibali popote, nitakuja kwanza kwako kuuliza Mzee anaendeleaje. Ukisema hali yake haijaruhusu, arusi itafanyikia kwa shangazi yake Magomeni. Mume wangu ameridhia, na bwana arusi mwenyewe ameridhia.

Mwaka huu, kama ulivyoona, hela za korosho zilichelewa kuingia, tukaisogeza shughuli mpaka likizo hii ya Desemba, na watu wakaja wengi kuliko tulivyowaita, kila mmoja ana furaha yake ya msimu. Ingefaa niseme tulizidiwa. Lakini wingi wa watu ulikuwa unaonekana tangu magharibi, na palepale ningeweza kuja kwako kukuambia, "Mama, leo watu ni wengi, nikuhamishieni Mzee wapi apumzike?" Nyumba ya dada yangu kule Shangani ilikuwa tupu usiku kucha. Sikuliwaza kabisa, na ndilo jirani alipaswa kuliwaza kwanza.

Zuhura tangu jana hajataka kuvaa nguo alizotunzwa. Anasema anaona aibu kutembezwa mtaani kusalimia wazee wakati nyumba ya kwanza kusalimiwa ndiyo iliyoudhiwa. Nimemwambia aanze na kwako. Akikuangukia miguuni mpokee, mama, yeye hana kosa katika haya.

Mchana nitaleta uji wa Mzee, wa mtama, haukuwekwa sukari nyingi maana najua alivyoambiwa na daktari. Na ming'oko imefika na wageni kutoka shamba, nimeichemsha asubuhi, ni ya kwako na Somoe. Nitabisha hodi mara moja tu kwa sauti ndogo. Kama hakuna jibu nitaacha chakula kwa Somoe niondoke, na nitarudi jioni.

Msalimie sana Mzee. Mwambie mwanawe anamwomba radhi na anamwombea afya.

Wako mwanao,
Mama Zuhura