Mguu wa Kushoto

Tyubu ile Mjomba aliikata kutoka kwenye baiskeli ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Kila jioni Mwajuma aliifunga kwenye mguu wa benchi la fundi pale Pongwe, akatia wayo wa kushoto kwenye kitanzi na kuusukuma kwa nje, polepole, mpaka misuli ya ubavuni mwa mguu ianze kutetemeka. Mara kumi na tano, apumzike, kumi na tano tena. Harufu ya solusheni ya kuzibia pancha ilimkaa kichwani kuliko kanuni zote za kemia.

"Mjomba, na kuruka je?"

"Daktari kasemaje?"

"Daktari hachezi netiboli."

Mjomba akacheka, akaendelea kunyoosha rimu. Ruhusa hakutoa.

Mwajuma alikuwa ameumia mazoezini. Aliruka kudaka pasi ya juu, akashukia kiatu cha mwenzake, kifundo kikajikunja kwa ndani. Picha ya eksirei ikaonyesha mifupa mizima. Zilizochanika kidogo ni kano za upande wa nje. Bibi alikuja na chupa ya mafuta ya nazi amchue siku ileile, nesi akamzuia mpaka uvimbe ushuke. Nesi yule hajasamehewa hadi leo.

Kilichomkosesha Mwajuma usingizi ni timu ya wilaya. Walimu walikuwa karibu kuchagua wachezaji wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na bibu yake ya mshambuliaji, GA, sasa aliivaa Rehema wa kidato cha pili, mtoto mwenye utulivu wa kuudhi, anayefunga kana kwamba anaweka kikombe mezani. Mwajuma alikaa pembeni ya uwanja akimpigia makofi yasiyotoa sauti.

Usiku mmoja akashindwa kuvumilia. Wenzake wamelala, akatoka uani akaanza kuruka peke yake gizani. Asubuhi kifundo kilikuwa kimejaa, akakificha kwa soksi ndefu. Madamu wa netiboli hakuuliza kitu. Alimwita tu baada ya paredi.

"Simama kwa mguu wa kushoto. Fumba macho."

Mwajuma aliyumba, akamshika Madamu bega.

"Wa kulia."

Akasimama imara.

"Siku miguu yote miwili itakaposimama sawasawa, njoo tuzungumze. Na soksi hizo hazipo kwenye sare ya shule."

Wiki zikapita na tyubu. Maumivu yakaisha, na ajabu ni kwamba hofu ndipo ilipoanza. Kabla ya hapo alikuwa na kitu cha kulaumu. Sasa mguu ulikuwa mzima, Madamu ameupima na kuukubali, lakini kila alipoona kiatu cha mtu karibu na mahali atakaposhukia, tumbo lilimkata.

Mechi ya kirafiki na shule ya jirani, Madamu alimpa robo ya tatu tu: dakika 15, asiongeze hata moja. Mwajuma alidaka pasi ya kwanza akashukia mguu wa kulia. Ya pili, kulia. Kwenye netiboli, mguu uliotangulia kugusa chini huo ndio umepigiliwa msumari. Unageuka juu yake, huuinui ukaurudisha chini na mpira mkononi. Anayeshukia mguu uleule kila mara anamwonyesha mlinzi atakakogeukia. Mlinzi wao, GD, msichana mrefu wa kimyakimya, hakuhitaji pasi ya tatu. Alikwishahamia upande ule, akanyofoa mipira miwili mfululizo.

"Dada Mwajuma!" Rehema alipaza sauti kutoka pembeni. "Unashukia mguu mmoja tu! Kashakusoma!"

Uwanja mzima ukasikia. Mwajuma akatamani kumrushia kiatu.

Mpira uliofuata ulipinda mbali kushoto, pasipofikiwa na mguu mwingine. Akaufuata kwa hasira tu. Wayo wa kushoto ukagonga chini, kifundo kikayumba, kisha kikajiweka sawa chenyewe kabla hajapata hata muda wa kuogopa. Akabaki amesimama na mpira mikononi, akiuangalia mguu wake.

Filimbi. Sekunde tatu zimepita. Mpira kwa wapinzani.

"Unaangalia nini huko chini?" Madamu akafoka, na benchi zima likaangua kicheko.

Pasi iliyofuata akashukia kushoto tena, makusudi. GD alikuwa amekwisha elemea kule kwingine. Mwajuma akageuka peupe, akampenyezea GS chini ya pete. Goli. Akafunga na la kwake, kisha robo ikaisha.

"Vua bibu."

"Madamu, ndiyo kwanza nimepata moto!"

"Tulikubaliana nini?"

"Robo moja, lakini..."

"Vua, mpe mwenzio."

Akaivua kwa kuivuta kiasi cha kuachia mshono. Rehema akaipokea kwa mikono miwili.

"Yule GD bado anasubiri nishukie kulia," Mwajuma alimwambia huku akihema. "Mwanzie kushoto. Na bibu yangu usiichakaze, Jumamosi naitaka."

"Njoo uichukue uwanjani, dada," Rehema akajibu, akakimbilia katikati.