Jina Lilipohukumiwa Badala ya Muziki: Mapokezi ya Telemann
Mada kwa semina ya walimu wa kwaya, Mtwara

Mwaka 1722 baraza la mji wa Leipzig lilipotafuta mkuu wa muziki, chaguo lake la kwanza lilikuwa mtunzi Mjerumani Georg Philipp Telemann. Mji wa Hamburg, alikokuwa akifanya kazi, ukamwongezea mshahara, akabaki huko, na kazi ikamwangukia Johann Sebastian Bach. Bach mwenyewe alinakili kwa mkono baadhi ya kazi za Telemann, na mwanawe Carl Philipp Emanuel alibatizwa Telemann akiwa baba yake wa ubatizo.

Telemann alifariki mwaka 1767. Muda si muda wahakiki wakaanza kumlaumu kwa kuandika mno na kwa wepesi. Kazi zake zinapita 3,000. Karne ya 19 ilimpenda mtunzi anayetaabika peke yake na kazi chache kubwa. Tena, baada ya mtunzi Mendelssohn kuufufua muziki wa Bach wa Mateso kadiri ya Mathayo mjini Berlin mwaka 1829, Bach akawa kipimo cha wenzake wote. Philipp Spitta, mwandishi wa wasifu mkubwa wa Bach, alimdharau Telemann.

Hapa naomba tutulie. Kantata ya Pasaka inayoanza kwa maneno ya Ayubu, “najua ya kuwa Mteteaji wangu yu hai”, iliwekwa kwenye orodha ya kazi za Bach kwa namba BWV 160. Ni ya mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu, fidla, basuni na ala za besi. Baadaye ikathibitika kuwa ni ya Telemann. Spitta, na mwandishi mwingine wa habari za Bach, Albert Schweitzer, baada yake, waliziponda kantata za Telemann huku wakizisifu nyingine za kwake walizodhani ni za Bach. Kwa maoni yangu, ushahidi huu unatosha: hawakuwa wakipima nota, walikuwa wakipima jina.

Kwetu, kuanzia Mtwara mjini hadi Masasi, nota hutufikia zikiwa fotokopi ya fotokopi, jina la mtunzi limekatika pembeni. Tunaimba kwanza, tunauliza baadaye. Spitta alianza na jina.

Ufufuo wa Telemann ulianza na wasomi Max Schneider na Romain Rolland mwanzoni mwa karne ya 20, kisha miaka ya 1950 kampuni ya uchapishaji ya Bärenreiter ikaanza kuchapisha kazi teule za Telemann. Lakini wasomi peke yao wasingefika mbali. Watu wa kawaida waliojifunza filimbi walihitaji muziki wa kupigwa nyumbani, na Telemann alikuwa amewaandikia watu wa aina hiyo tangu 1728, alipoanzisha jarida la nota lililotoka kila baada ya wiki mbili. Kipande kiliweza kukatizwa katikati, msomaji akasubiri toleo lijalo. Wepesi ule ule alioshutumiwa nao ndio uliomrudisha mikononi mwa watu, na ndiyo hoja ninayoileta mbele yenu tuijadili.